Picha ya heroe wa Ziwa Nakuru: jinsi ya kuiweka kwenye blogu bila kukosana na mwenyewe

Niliwahi kuweka picha ya heroe wa Ziwa Nakuru kwenye blogu yangu, nikaandika chini yake "Picha: Kwa hisani". Baada ya wiki chache mpigapicha akaniandikia kuniuliza hisani hiyo nilipewa na nani. Sikuwa na jibu, kwa sababu picha niliichukua kwenye Google. Niliitoa siku hiyo hiyo na kumwomba radhi. Kwa sheria ya Kenya ya Hakimiliki ya 2001, picha ina mwenyewe tangu inapopigwa, hata kama hajaisajili wala kuitia jina lake. "Kwa hisani" haina uzito wowote ikiwa hakuna aliyekupa ruhusa.

Siku hizi nafuata njia hii.

Hatua ya 1: Tafuta mahali ambapo leseni imeandikwa

Google haimiliki picha inazokuonyesha. Zimo kwenye tovuti za watu. Ukibonyeza Tools, kisha Usage Rights, kisha Creative Commons licenses, yaani leseni ambazo kwazo mwenyewe huruhusu wengine watumie picha yake kwa masharti, utapunguziwa orodha, ila chujio hilo linategemea maelezo ya tovuti zenyewe, na tovuti inaweza kukosea. Mimi huanzia commons.wikimedia.org na kutafuta "Lake Nakuru flamingo". Kila picha pale ina ukurasa wake.

Hatua ya 2: Soma ukurasa wa picha

Tazama sehemu tatu: Author, Source na Licensing. Tuseme leseni ni CC BY-SA 4.0. CC ni Creative Commons. BY inakutaka umtaje mwenye picha. SA inamaanisha kwamba ukiigeuza, kwa mfano ukaichanganya na maandishi na michoro kuwa bango, bango hilo nalo litoke kwa leseni iyo hiyo. Makala yako iliyo kando ya picha inabaki yako. 4.0 ni toleo la leseni, na usilidharau, nitalirudia.

Kwenye tovuti nyingine utakutana na NC, yaani si kwa biashara. Kama blogu yako ina matangazo ya kulipwa, mimi ningeiacha.

Hatua ya 3: Hakikisha aliyeipakia ndiye aliyeipiga

Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu anaweza kuchukua picha ya mwenzake, akaipakia na kuibandika leseni huru. Leseni hiyo haina nguvu yoyote, maana huwezi kugawa usichomiliki, na wewe uliyemwamini bado utakuwa umetumia picha ya mtu bila ruhusa.

Nafungua tineye.com, tovuti inayotafuta picha ilipo kwingine mtandaoni, na kuweka picha pale. Nikiikuta kwenye tovuti nyingine, ikiwa kubwa zaidi na imewekwa mapema zaidi, nashuku. Kisha narudi Commons, nashuka chini hadi Metadata. Kamera ya mpigapicha kwa kawaida huacha aina yake, tarehe na saa. Picha ndogo isiyo na chochote hapo huenda ilinakiliwa mahali, ingawa hilo peke yake si ushahidi, kwani WhatsApp nayo hufuta maelezo hayo. Mwisho naangalia picha nyingine za mtu huyo. Kama leo yuko Nakuru, kesho Brazili, na kila picha ina kamera tofauti, naachana naye.

Hatua ya 4: Andika maelezo chini ya picha

Taja jina la picha, mwenyewe, ukurasa ilikotoka na leseni, kisha useme ulichobadilisha. Mimi nilikata sehemu ya anga, basi naandika hivi:

```html
<figcaption>
<a href="https://commons.wikimedia.org/wiki/File:JINA-LA-FAILI">Heroe, Ziwa Nakuru</a>,
picha ya JINA LA MPIGAPICHA,
<a href="https://creativecommons.org/licenses/by-sa/4.0/">CC BY-SA 4.0</a>.
Imekatwa sehemu ya juu.
</figcaption>
```

Jina liandike kama mwenyewe alivyoliandika, hata kama ni la utani. Kuandika "Wikimedia" peke yake hakutoshi: hiyo ni ghala tu, haikubeba kamera hadi ziwani.

Hatua ya 5: Hifadhi ushahidi

Nenda web.archive.org/save, weka anwani ya ukurasa wa picha, uhifadhi. Mwenyewe akibadilisha leseni baadaye, wewe uliyeichukua chini ya ile ya kwanza bado una haki, lakini utahitaji kuonyesha ilivyokuwa siku hiyo.

Na ukigundua umesahau kumtaja, hapo ndipo toleo lina maana. Chini ya 4.0, ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu ulipoligundua, ruhusa yako inarudi yenyewe. Chini ya 3.0 na yaliyotangulia, ruhusa ikivunjika imekwisha, na kuongeza jina hakuirudishi. Itabidi umwandikie mwenyewe akupe upya. Kwa hiyo nikikuta picha mbili za heroe zinazofanana kwa uzuri, moja 3.0 na nyingine 4.0, nachukua ya 4.0.