Mteja anasema mzigo haukufika: jinsi ya kujibu pingamizi la malipo ya kadi

Wiki iliyopita nilimsaidia rafiki anayeuza viatu mtandaoni. Mteja alilipa kwa Visa tarehe 3 Machi, mzigo ukafika tarehe 9, na tarehe 2 Aprili benki yake ikadai hela irudishwe.

1. Soma msimbo wa sababu kwanza, yaani namba inayoonyesha kwa nini hela inadaiwa. Wa rafiki yangu ulikuwa 13.1, yaani bidhaa haikupokelewa. Ingekuwa 10.4, mwenye kadi angekuwa anasema si yeye aliyenunua, na hapo uthibitisho wa kufikisha mzigo peke yake hautoshi.

2. Andika siku ya mwisho. Fuata tarehe iliyo kwenye dashibodi ya kampuni inayokuchakatia malipo, si ile ya kanuni za Visa, kwa sababu kampuni hukata siku zake za kupitia faili. Angalia pia saa, maana huenda imeandikwa kwa UTC. Usimrudishie mteja hela kienyeji wakati pingamizi liko wazi. Tayari zimeshakatwa kwako, na unaweza kuzipoteza mara mbili.

3. Tafuta uthibitisho wa kufikisha. Hapa ndipo nilipowahi kushindwa kesi yangu mwenyewe. Nilituma picha ya ukurasa wa ufuatiliaji ulioandika "Imefikishwa", nikaamini imekwisha. Ukurasa ule ulionyesha jina la mji tu, bila mtaa wala namba ya nyumba. Kwa mpitiaji wa benki, hiyo inathibitisha kwamba kuna mzigo uliofika mjini, haithibitishi kwamba ulifika kwa mteja wangu.

Kwa hiyo iandikie kampuni ya usafirishaji, uombe hati ya kufikisha yenye anwani kamili, tarehe, saa, na jina au sahihi ya aliyepokea. Omba siku ileile unayopata taarifa. Ya rafiki yangu ilichukua siku tatu za kazi, na kumbukumbu za ufuatiliaji hufutwa baada ya muda. Ikifika, linganisha anwani na ile ya oda, neno kwa neno. Kwake namba ya nyumba ilikuwa 14 kwenye oda na 41 kwenye hati. Tuliomba isahihishwe kutoka kumbukumbu za dereva, wakatuma pamoja na picha ya mlangoni. Kama sahihi si ya mteja, sema hivyo waziwazi na ueleze aliyepokea ni nani, usingoje benki igundue.

Ujumbe wa mteja baada ya tarehe ya kufikisha una uzito mkubwa. Yeye aliuliza tarehe 11 Machi kama anaweza kubadilisha saizi. Asiyepokea viatu hajui kwamba vinambana.

4. Unganisha vyote kwenye PDF moja: oda, hati, ujumbe. Mimi siweki viungo kabisa, kwa sababu mpitiaji habonyezi. Juu weka maelezo ya nusu ukurasa yenye tarehe zinazofuatana.

5. Kagua, kisha tuma. Kampuni nyingi za kuchakata malipo hupokea jibu mara moja tu, hutaongeza karatasi baadaye.