Kumrudisha kazini aliyeugua sonona: mpango wa wiki 12

Mwongozo huu ni wa watu wawili: daktari au muuguzi wa afya kazini, na msimamizi anayempangia mtu kazi kila siku. Mfano tutakaoufuata ni wa karani wa malipo katika kampuni moja ya Dar es Salaam, ambaye amekuwa nje miezi minne kwa sababu ya sonona. Kabla ya kuugua alifanya kazi saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, akihakiki ankara zipatazo 60 kila siku. Daktari anayemtibu amesema anaweza kuanza kurudi.

Hatua ya 1: Ulizeni anachoweza kufanya

Hii ni kazi ya afya kazini, kwa idhini ya maandishi ya mfanyakazi. Mwulizeni daktari anayemtibu mambo machache: dawa zinamletea usingizi saa ngapi, dozi imebadilishwa hivi karibuni au la, na dalili gani kwake huwa za kwanza ugonjwa unapotaka kurudi. Amitriptyline, dawa ya sonona inayonywewa usiku, kwa mfano, inaweza kumwacha mtu mzito hadi katikati ya asubuhi. Kama dozi imebadilishwa juzi tu, subirini wiki chache ionekane inavyomkaa.

Msimamizi hapewi jina la ugonjwa wala la dawa, isipokuwa mwenyewe ameamua kumwambia. Anapewa mipaka tu: aanze saa nne asubuhi, asipangwe zamu ya usiku, asiendeshe gari la kampuni kwa sasa.

Hatua ya 2: Malizeni suala la mshahara kwa maandishi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Karani wetu ameshatumia 112, kwa hiyo zimebaki 14 za nusu mshahara. Andikeni mapema saa ambazo hatafanya kazi zitahesabiwaje: atalipwa kamili, atatumia likizo ya mwaka, au vinginevyo. Jambo hili likiachwa hewani, mtu hulazimisha saa nyingi kabla ya wakati kwa kuhofia kodi ya nyumba, na mpango unavunjika wiki ya pili.

Hatua ya 3: Tarehe

Siku ya kurudi iwe Jumatano, baada ya hesabu za mwezi kufungwa. Siku moja kabla, msimamizi ajaribu mwenyewe kama kadi ya getini inafungua na kama akaunti ya karani kwenye mfumo haijafungwa.

Hatua ya 4: Punguzeni kazi yenyewe, si saa peke yake

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Karatasi inasema nusu siku, lakini ankara ni zilezile, simu za wauzaji zilezile, na barua pepe za miezi minne zinamsubiri. Mtu anafanya kazi ya saa nane ndani ya saa nne, kisha anaimalizia nyumbani usiku. Kwenye mahudhurio kila kitu kinaonekana sawa mpaka siku asipokuja.

Sababu iko kwenye ugonjwa wenyewe. Huzuni na usingizi vinaweza kutengemaa huku umakini, kumbukumbu na wepesi wa kuamua vikiwa bado nyuma. Anaonekana mzima, anaongea vizuri, ila ankara moja anaisoma mara tatu. Kwa hiyo kiwango cha kazi kiwe chini ya kiwango cha saa. Katika saa nne karani huyu zamani angehakiki ankara 30; mpeni 15, tena za wauzaji wa ndani tu, zile ambazo kazi yake ni kulinganisha ankara, oda na hati ya kupokelea mzigo. Ankara zenye mgogoro zisubiri.

Kazi inayobaki lazima iwe na mwenyewe. Msikubali ile ahadi ya “tutasaidiana”, kwa sababu baada ya siku tatu mzigo utamrudia aliyeuzoea. Andikeni nani anazichukua ankara 45 nyingine, mpaka tarehe gani, na huyo naye amepunguziwa nini. Timu iambiwe hivi, bila zaidi: “Mwenzetu anarudi Jumatano kwa saa chache. Ankara za nje zipelekeni kwa fulani hadi mwisho wa mwezi ujao.”

Barua pepe za zamani msimamizi azihamishie kwenye folda nyingine, kisha aandike ukurasa mmoja wa yaliyobadilika: wauzaji wapya, nani anasaini, utaratibu gani umeondolewa. Kundi la Watsapu la ofisi, karani asirudishwe humo kwa sasa.

Kuidhinisha malipo peke yake kusubiri hadi wiki 12 ziishe. Kabla ya hapo kila malipo yapitiwe na jicho la pili. Mwelezeni mapema kwamba ni kinga yake, la sivyo atadhani mmeacha kumwamini, na sonona humfanya mtu awe mwepesi kuamini hivyo.

Hatua ya 5: Ngazi

Kanuni ni moja: kila ngazi inaongeza kitu kimoja, ama saa ama aina ya kazi.

Wiki ya 1 na 2: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Tunapendelea siku zilizoachana kuliko nusu siku kila siku, maana foleni peke yake inachosha, na siku ya katikati inaonyesha kama uchovu unaisha. Wiki ya 3 na 4: siku tano, saa zilezile, kazi ileile. Wiki ya 5 na 6: saa haziongezwi, zinaongezwa simu za wauzaji. Wiki ya 7 na 8: saa sita kwa siku. Wiki ya 9 na 10: siku nzima, bila kufunga hesabu. Wiki ya 11 na 12: anafunga hesabu akiwa na mwenzake.

Hatua ya 6: Kikao cha dakika 15 kila wiki

Msimamizi aulize juu ya kazi: kipi kilichelewa, alikula mchana, aliondoka saa yake? Dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa ya kupima dalili za sonona, ni la afya kazini, kamwe si la msimamizi. Swali la tisa linagusa mawazo ya kujidhuru; likijibiwa kwa chochote zaidi ya sifuri, mtaalamu azungumze naye siku hiyohiyo. Msimamizi akisikia kauli ya namna hiyo, asimwache peke yake. Apige simu afya kazini au wampeleke hospitali papo hapo.

Hatua ya 7: Akiyumba

Uchovu wa wiki mbili za mwanzo ni wa kawaida kama unaisha kwa usingizi wa usiku. Kuamka alfajiri mapema bila kutaka, hamu ya chakula kupotea, kuacha kupokea simu: hizo zikiendelea siku kadhaa, arudi ngazi moja chini kwa wiki moja, na daktari wake aarifiwe. Kumrudisha nyumbani moja kwa moja ni uamuzi wa daktari. Na akitaka kuruka ngazi kwa sababu anajisikia vizuri, mkatalieni kwa upole. Ngazi humaliza wiki zake mbili.

Hatua ya 8: Baada ya wiki ya 12

Dawa kwa kawaida huendelea miezi sita au zaidi baada ya kupona, kwa hiyo ruhusa za kliniki ziendelee. Kikao kiwe mara moja kwa mwezi kwa nusu mwaka. Ripoti za daktari zibaki kwenye faili la afya kazini. Kwenye faili la utumishi iwekwe karatasi ya saa na majukumu pekee.