Kujaribu mada mbili za barua pepe bila kujidanganya na matokeo

Mfano wangu ni barua iliyotangaza mafunzo ya uhasibu. Orodha ilikuwa na watu 1,000, na mada zilikuwa mbili:

A: Mafunzo ya uhasibu: nafasi bado zipo
B: Hesabu zako zinakusumbua?

Hatua ya 1: Amua utahesabu nini, na lini

Andika uamuzi huo kabla hujatuma. Mimi huhesabu waliobofya kiungo, saa 48 baada ya kutuma. Waliofungua nawaangalia, lakini siwaamini sana. Ufunguzi hutambuliwa kwa kapicha kasikoonekana ndani ya barua, na tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple humpa mtumiaji ulinzi unaopakua picha hizo kabla hajaigusa barua. Mtu anaandikwa kuwa amefungua, kumbe simu ilikuwa mfukoni.

Muda nao una sababu yake. Ukichungulia kila baada ya saa moja na kusimama pale B inapoongoza, utapata mshindi hata kama mada zote mbili ni sawasawa, kwa sababu namba hupanda na kushuka zenyewe.

Hatua ya 2: Gawa orodha kwa bahati nasibu

Hapa niliwahi kuchemsha. Nilikata orodha katikati, nusu ya juu A, nusu ya chini B. B ikashinda vizuri, nami nikashangilia. Baadaye ndipo nikagundua kuwa orodha ilipangwa kwa tarehe ya kujiunga, hivyo waliopata B wote walikuwa wageni ambao bado walikuwa na hamu. Mada haikuhusika.

Siku hizi naongeza safu tupu kwenye lahajedwali, na kila mstari nauwekea hii:

```
=RAND()
```

Kisha nanakili safu hiyo na kuibandika kama thamani pekee (la sivyo namba hubadilika kila unapogusa lahajedwali), napanga orodha kwa namba hizo, halafu 500 wa kwanza wanapata A, waliobaki B.

Hatua ya 3: Badilisha kitu kimoja tu

Saa ya kutuma, jina la mtumaji na barua yenyewe viwe vilevile. Sentensi ya kwanza isisahaulike: masanduku mengi ya barua huionyesha kando ya mada, kwa hiyo ukibadilisha vyote viwili hutajua kipi kilimvuta msomaji.

Ukitaka kujaribu sentensi ya ufunguzi, geuza mambo: mada ibaki moja, utangulizi uwe wa aina mbili. Waliobofya wagawe kwa idadi ya waliotumiwa, si kwa waliofungua, maana hao waliofungua wenyewe ni hesabu yenye kasoro.

Hatua ya 4: Pima tofauti dhidi ya bahati

Baada ya saa 48, A ilifunguliwa na 110, B na 125. Yaani asilimia 22 kwa 25. Wengi wangeishia hapo. Lakini makundi yakiwa sawa kwa ukubwa, kuna kipimo cha haraka: jumlisha hesabu mbili, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2. Tofauti isipozidi jibu hilo, huenda ni bahati tu.

```
=2*SQRT(110+125)
```

Jibu ni kama 30.7. Tofauti yetu ni 15 tu. Tofauti kama hiyo hujitokeza kirahisi hata ukiwatumia watu wote mada ileile. Kama huamini, ijaribu kweli: tuma mada moja kwa makundi mawili, uone yanavyopishana.

Kwa mibofyo, A ilipata 20, B 34. Hapa ndipo kishawishi kilipo, kwa sababu B inaonekana imeiacha A mbali. Kipimo kinatoa 14.7, tofauti ni 14. Imekosa kidogo. Ni kadirio, si sheria, kwa hiyo sikusema B imeshindwa. Nilisema sijui bado. Wala sikuanza kuwatafuta wanaotumia simu pekee au waliojiunga mwaka huu ili nione kama B imeshinda kwao. Ukikata orodha vipande ishirini, kimoja kitakupa mshindi wa bahati.

Hatua ya 5: Rudia

Barua iliyofuata niliipa tena mada mbili, moja taarifa, moja swali. Niligawa orodha upya na kulipima jaribio hilo peke yake. Taarifa ilibofywa na 27, swali na 25. Uongozi wa swali ulikuwa umeyeyuka. Nilibaki na taarifa, kwa kuwa inasema kilichomo ndani, na katika barua zote mbili waliojiondoa baada ya swali walikuwa wengi kidogo. Hao nao ni wachache mno kunithibitishia chochote.