Maandishi ya ubaoni yanaonekana kinyumenyume: geuza pale tu panapohitaji kugeuzwa

Nafundisha hesabu za kidato cha pili kwa njia ya Zoom, jioni, kutoka chumbani kwangu hapa Uyole, Mbeya. Wanafunzi wangu wako Tukuyu, Makambako, mmoja yuko Mafinga. Wiki ya kwanza nilisimama mbele ya ubao mweupe, nikaandika 3x + 5 = 20, nikageuka kutazama skrini na kukuta kila kitu kimepinduka. Nikashtuka. Nikafungua OBS, programu ninayopitishia picha ya kamera kabla haijafika Zoom, nikabofya chanzo cha kamera kwa kitufe cha kulia cha mausi, Transform, Flip Horizontal. Skrini ikakaa sawa, nikaendelea kwa raha.

Dakika kumi baadaye binti wa Makambako akanitumia picha ya skrini yake: "Mwalimu, mbona sisi tunasoma 02 = 5 + x3?" Na kweli, 2, 5 na 3 zilikuwa zimetazama upande usio wake. Ile x haikubadilika, wala alama ya kujumlisha, ndiyo maana wengine walidhani ni swali jipya na wakaanza kulikokotoa.

Kosa lilikuwa langu. Mwanzoni wanafunzi walikuwa wanaona sawa kabisa. Zoom inakupindulia picha wewe peke yako, kwa sababu tumezoea kujiona kwenye kioo: ukiinua mkono wa kulia, unautarajia upande wa kulia wa skrini. Google Meet nayo hufanya hivyo, na simu ya video ya WhatsApp pia. Mtazamaji hupelekewa picha iliyonyooka. Mimi nilipoigeuza kwenye OBS, nikanyoosha ya kwangu na kuipindua ya kwao.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu, na usiruke hatua ya pili.

1. Andika herufi R kubwa ubaoni. Usijaribu kwa A, H, M, O wala T. Hizo zikipinduliwa zinabaki zilezile, utasema mambo safi kumbe sivyo. R inajiumbua papo hapo. Tarakimu 7 nayo inafaa.

2. Itazame R kwenye kifaa cha mtazamaji. Chukua simu nyingine, hata ya jirani, ingia kwenye kipindi kama mwanafunzi. Zima maiki na sauti ya simu hiyo, la sivyo itapiga kelele ya mwangwi mpaka ukimbie chumba. Sasa iangalie picha yako kama inavyofika kule, siyo kile kidirisha chako kidogo. Kama bando ni la mawazo, mwombe mwanafunzi mmoja akutumie picha ya skrini, inatosha.

3. R ikiwa sawa kwa mtazamaji, usiguse kamera. Kinachokusumbua ni kioo chako tu. Kwenye Zoom ya kompyuta bofya kimshale kilicho kando ya alama ya video, ingia Video Settings, ondoa tiki kwenye Mirror my video. Utaona maandishi yako yamenyooka na kwa wanafunzi hakuna kitakachobadilika. Ila jiandae: sasa ukitaka kuonyesha kitu kwa kidole huku ukitazama skrini, mkono utakwenda upande usioutarajia. Mimi nimeirudisha tiki, nimeshazoea.

4. R ikiwa imepinduka kwa mtazamaji, tafuta anayeipindua. Picha hupita mikono kadhaa: kamera yenyewe au programu yake, kisha OBS kama unaitumia, kisha Zoom. Anza na OBS, angalia kama kuna Flip Horizontal uliyoiweka siku nyingi ukasahau. Hakuna? Nenda kwenye programu ya kamera, hasa kama unatumia simu kama kamera ya kompyuta, kwani programu nyingi za namna hiyo zina kitufe cha kupindua. Badilisha kimoja, rudi hatua ya pili, tazama. Ukibadilisha viwili kwa mpigo picha inarudi ilivyokuwa, nawe unabaki unailaumu kompyuta.

5. Video imesharekodiwa imepinduka? Kwenye CapCut gusa klipu, tafuta Mirror, kisha hifadhi upya. Kwa mwenye kompyuta na ffmpeg, amri ni moja:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -vf hflip -c:a copy somo_sawa.mp4
```

Hiyo `hflip` inabadilishana kushoto na kulia. Sauti inanakiliwa bila kuguswa. Picha inasindikwa upya, kwa hiyo kwa somo refu kaanga hata mihogo ukisubiri. Faili la zamani usilifute mpaka utazame jipya.

Maswali ya wadau

*Kamwene mwalimu. Niko Iringa, narekodi kwa simu kwa kamera ya selfi. Nikiwa narekodi maandishi yamepinduka, nikicheza video yanaonekana sawa. Nigeuze?*

Kamwene. Usigeuze, simu yako iko sawa: inakuonyesha kioo wakati wa kurekodi, inahifadhi picha iliyonyooka. Shida huwapata wale ambao simu inahifadhi kama kioo. Kwenye Samsung angalia mipangilio ya kamera, Save selfies as previewed. Kwenye iPhone ni Settings, Camera, Mirror Front Camera. Zote mbili zizimwe kama unaandika. Na kama una mtu wa kukushikia simu, tumia kamera ya nyuma. Haina habari ya kioo, na mara nyingi picha yake ni kali zaidi.

*Mimi niligeuza simu juu chini, bado maandishi ni kinyume. Kwa nini?*

Kwa sababu kuzungusha siyo kupindua. Chukua karatasi uliyoandika R, izungushe utakavyo juu ya meza: haitakuwa R ya kioo hata siku moja. Sasa igeuze ifunike meza, kisha inyanyue kuelekea dirishani uisome kwa nyuma. Hiyo ndiyo picha ya kioo, na ndiyo sababu Rotate haikusaidii. Flip Vertical nayo siyo, itakusimamisha kichwa chini miguu juu.

*Mwalimu, hapa Mbeya mjini tumetengeneza ubao wa kioo. Mwalimu anaandika akiwa nyuma ya kioo, kamera iko mbele. Zoom haina kosa lakini wanafunzi wanaona kinyume.*

Hapo ndipo Flip Horizontal ya OBS ina kazi halali. Mwalimu anaandika kwa upande wake, kamera inasoma kwa nyuma ya maandishi, sawa na ile karatasi ya dirishani. Kwa hiyo geuza, kisha kwenye Zoom chagua OBS Virtual Camera. Kumbuka fremu nzima inageuka: mwalimu wa mkono wa kulia ataonekana wa kushoto, na saa ya ukutani itarudi nyuma. Fulana yenye maandishi asivae, yatasomeka kinyume wakati ubao uko sawa.

*Video yangu niliweka jina la darasa na namba ya somo pembeni, kisha nikaona ubao umepinduka. Nikitumia ile amri?*

Ubao utanyooka, jina la darasa litapinduka, maana sasa limeshakuwa sehemu ya picha. Kama bado unayo klipu asilia isiyo na maandishi, geuza hiyo kwanza ndipo uweke jina upya. Kama huna, ukishageuza funika pembe hiyo kwa kiboksi cha rangi na uandike jina juu yake. Haipendezi sana, lakini 3x + 5 = 20 itasomeka.