Kusimamisha wimbo bila kutafuta kitufe

Shangazi yangu wa Tandika haoni vizuri. Akisikiliza taarabu kwenye simu, alikuwa akihangaika kutafuta kitufe cha kusimamisha huku TalkBack ikimsomea skrini nzima juu ya muziki. Hakuna haja. Kwenye Android 11 na kuendelea, TalkBack ikiwa imewashwa, gusa skrini haraka mara mbili kwa vidole viwili, popote pale: wimbo unasimama. Rudia, unaendelea. VoiceOver ya iPhone nayo ni hivyohivyo.

Ila kwenye TalkBack, ukiwa umeugusa ule mstari wa muda wa wimbo, vitufe vya sauti vya pembeni huusogeza wimbo mbele au nyuma badala ya kuongeza sauti. Shangazi alidhani simu imeharibika! Gusa kwanza jina la wimbo, vitarudi kwenye kazi yake.