Mshindi apewe jina, wa mwisho apewe nguvu

Ukibuni mchezo wa ubaoni ambao stika ikibandikwa haibanduki, angalia zawadi ya mshindi. Sisi wanne hapa Mikindani tulitengeneza wa majahazi ya korosho, unaochezwa kwa vikao kumi. Mwanzoni mshindi alibandika ghala kwenye karatasi yake: gunia moja la ziada kila zamu, moja kwa moja. Kikao cha nne mwenzetu mmoja alikuwa na maghala matatu, magunia matatu ya bure kila zamu. Tulijua atashinda kabla chai haijapoa.

Tukageuza. Mshindi sasa anaipa bandari jina, basi. Bandari ya Sudi kwenye ubao wetu inaitwa Deni la Shemeji, na hakuna kundi lingine litakaloelewa kwa nini. Aliyeshika mkia ndiye anayebandika ghala, tena bandarini, si kwenye karatasi yake. Yeyote akitia nanga pale anachukua gunia, kwa hiyo watu wanaanza kugombea Msimbati ambayo jana haikuwa na maana.

Gundi subiri kwanza. Toa fotokopi ya ubao, mcheze vikao vitatu kwa penseli. Mtu yuleyule akishinda vyote, futa, punguza nguvu ya ghala.