Usijibu "oui" tupu dirishani: y na en kwa sisi tunaoishi Ufaransa

Swali lililoniponza kwenye dirisha la ofisi moja lilikuwa fupi: *Vous n'y habitez plus ?* Yaani, kwenye anwani ile ya zamani huishi tena? Nilikuwa nimehama kweli, basi nikajibu kama anavyojibu Mswahili yeyote: "Oui." Ndiyo, siishi tena. Mhudumu akaelewa: ndiyo, unaishi. Barua zikaendelea kwenda kwa mpangaji mpya, tarehe ya mwisho ya kupeleka nyaraka ikapita, faili likafungwa. Kulifungua upya ni adha ambayo simtakii adui yangu.

Kwetu ukiulizwa "Huna watoto?" unajibu "Ndiyo, sina", kwa sababu unamkubalia aliyeuliza. Mfaransa hakutazamii umkubalie. Yeye anasikiliza kama jambo lipo au halipo. Kama huna, unajibu *Non, je n'en ai pas*. Kama unao, na yeye ameuliza kwa kukana, unajibu *Si, j'en ai*. Hiyo *si* wengi hatufundishwi mapema, na *oui* hapo inamwachia mhudumu achague maana anayoitaka. Akiwa amechoka, atachagua ile isiyompa kazi.

Kwa hiyo onyo langu, na nitalirudia: jibu kwa kitenzi, usijibu kwa oui wala non peke yake. Ukisema *Non, je n'y habite plus*, hakuna wa kukugeuzia maneno. Tatizo ni kwamba kitenzi hicho hakisimami bila *y* au *en*, vile vineno vinavyoshika nafasi ya mahali au kitu kilichokwisha kutajwa, na hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotuvuta upande mwingine.

Tuanze na *y*, ambayo ni nyepesi. Nyumbani mtu akikuuliza "Umeshakwenda serikali ya mtaa?" unasema "Nimekwenda", na mambo yameisha. Kwa Kifaransa *je suis allé* inaning'inia. Anayekusikiliza bado anangoja umwambie wapi. Lazima mahali paonekane tena, hata kama pametajwa sekunde moja iliyopita: *J'y suis allé.* *Y* inabeba mahali popote palipotajwa na *à*, *dans*, *sur* au *chez*. Umeulizwa *Vous allez chez le médecin ?* unajibu *J'y vais demain*. Ila kama unatoka mahali hapo, *y* haifai tena, inaingia *en*: *J'en viens*, ndiko nitokako. Mtu akikuuliza kama umefika benki, ukasema *j'y vais* ilhali ndiyo kwanza umetoka, umemwambia hujafika. Kuna upungufu mmoja wa kujua: wakati ujao wa *aller* hauipendi *y*, kwa sababu sauti mbili za i zinagongana. Watu husema *J'irai demain*, basi.

*En* ndiyo yenye miiba. Inabeba kiasi: kitu chochote kilichotajwa na *du*, *de la*, *des*, *un*, *une* au hesabu. *Vous avez des enfants ?* Jibu ni *J'en ai trois.* Hapa Kiswahili kinatusaidia kidogo, kwa sababu na sisi husema "Ninao watatu". Ile -o ya "ninao" inafanya kazi inayofanana na *en*. Basi usiseme *J'ai trois*. Ukisema hivyo atakuuliza tatu nini. Na usidhani *en* ikishaingia, hesabu inaondoka. Hesabu inabaki nyuma ya kitenzi pale pale: *J'en ai deux, j'en ai beaucoup, j'en ai une autre.* Mhudumu akikuuliza *Vous en avez combien ?* na wewe ukajibu *J'en ai*, hujajibu kitu.

Sasa mtego wa pili, ambao naona unawakamata hata waliokaa huku muda mrefu. "Ninazo" yetu ni moja, ila Mfaransa ana mbili. Akiuliza *Vous avez les photocopies ?*, anazitaka zile alizokuandikia kwenye orodha. Jibu ni *Oui, je les ai*. Akiuliza *Vous avez des photocopies ?*, anauliza kama unazo nakala zozote. Jibu ni *Oui, j'en ai*. Kwetu yote mawili ni "Ndiyo, ninazo". Ukijibu *j'en ai* kwa swali la kwanza, umemwambia unazo baadhi, na yeye ataanza kukagua karatasi moja moja akitafuta ipi haipo. Sikiliza kineno kilichotangulia nomino katika swali: ukisikia *les*, *mes*, *vos* au *ces*, rudisha *les*. Ukisikia *des*, *du* au hesabu, rudisha *en*. Narudia, sikiliza kineno kile kidogo. Nomino yenyewe haitakuambia.

Mahali pa kuviweka vineno hivi hapana fumbo kubwa kwa msemaji wa Kiswahili. Sisi tunasema "nimekiona", kile -ki- kimebanwa mbele ya mzizi. Na wao vivyo hivyo, *y* na *en* hukaa mbele ya kitenzi: *j'y habite, j'en prends deux*. Tofauti inakuja vitenzi vinapokuwa viwili. Kwa jambo lililopita, kineno kinakaa mbele ya *être* au *avoir*: *J'y suis allé hier, j'en ai apporté deux.* Usiseme *je suis y allé*, inawakwaruza masikio. Lakini kitenzi cha pili kikiwa hakijanyambuliwa, kineno kinarudi mbele ya hicho cha pili: *Je vais y aller, je dois en apporter deux.* Na ukikana, *ne* na *pas* vinazunguka kineno na kitenzi kwa pamoja: *Je n'y suis pas allé, je n'en ai pas.*

Kwenye kuamrisha kineno kinaruka nyuma: *Prenez-en deux, allez-y.* Ukikataza kinarudi mbele: *N'y allez pas.* Hiyo *allez-y* utaisikia kila siku, na mara nyingi haina mahali popote ndani yake. Ni "haya, endelea". Nimemwona mzee wa watu akiinuka na mkoba wake kuondoka kwa sababu mhudumu alimwambia *allez-y*, kumbe alimruhusu aanze kueleza shida yake. Mwambie mama yako kabla hujampeleka kwenye ofisi yoyote.

Tuje kwenye lile ninaloliogopa zaidi. *Y* na *en* zikikutana, *y* hutangulia daima, na zinakutana zaidi katika *il y en a*, yaani "vipo" au "zipo". Ukiuliza nafasi za miadi, jibu la vitabuni ni *Il n'y en a plus*, hakuna tena. Ila huku hakuna anayezungumza kama kitabu. *Il* inamezwa, *n'* inamezwa, unasikia *y en a plus*, kama "yanaplu". Mgeni anasikia *plus*, anakumbuka *plus* ni "zaidi", anafurahi, anakaa kwenye kiti anangoja. Kumbe ameambiwa zimekwisha.

Masikio ndiyo yatakayokuokoa. *Plus* isiyosikika *s* mwishoni, pakiwa na *en*, karibu kila mara ni "hakuna tena". *Plus* yenye *s* inayosikika ni "zaidi". Kwa hiyo *j'en veux plus* inaweza kuwa "sitaki tena" au "nataka zaidi", na tofauti yote iko kwenye hiyo *s*. Unapokuwa wewe ndiye unayesema, usiimeze *ne* kama wao. Wao wanasameheana, wewe mwenye lafudhi utaandikwa kinyume. Sema *je n'en veux plus* kwa utuvu, kila silabi mahali pake.

Hapo ndipo ninapowashangaa Wafaransa. Wao wenyewe *ne* wameitupa jikoni, sokoni na hata ofisini, lakini ukikosea *en* watakukatiza katikati ya sentensi wakusahihishe, tena kwa tabasamu, kana kwamba wamekupa zawadi. Mwanzoni nilikasirika. Siku hizi naona ni namna yao ya kukuhesabu kuwa mwenzao, ingawa bado natamani wangesubiri nimalize. Bonjour ya mlangoni usiisahau. Bila hiyo hata *en* iliyokaa vizuri haitakusaidia.

Mazungumzo ya dirishani huwa hivi. Mhudumu: *Vous habitez toujours à Villeurbanne ?* Wewe: *Non, je n'y habite plus, j'habite à Bron.* Mhudumu: *Vous avez des justificatifs de domicile ?* Wewe: *Oui, j'en ai deux, une facture d'électricité et une quittance de loyer.* Mhudumu: *Et vous n'avez pas d'attestation d'assurance ?* Hapa ndipo hatari, ameuliza kwa kukana. Kama unayo: *Si, j'en ai une.* Kama huna: *Non, je n'en ai pas, je peux en apporter une demain.* Angalia kwamba hakuna jibu lililoishia kwenye oui wala non. Kupata bili ya umeme na hati ya bima ni kazi rahisi, zinapakuliwa kwenye akaunti yako ya umeme na ya bima.

Nyumbani wanatushauri wasiyoyajua. Shangazi yangu aliniambia kwa simu: "We sema ndiyo kwa kila kitu, mzungu anapenda mtu mtiifu." Shangazi, nakuheshimu, lakini hiyo ndiyo iliyonifungia faili. Wapo pia wanaosema Kifaransa kitaingia chenyewe ukishafika. Kitaingia, ndiyo, ila sheria ya uhamiaji ya tarehe 26 Januari 2024 haisubiri kiingie: tangu Januari 1, 2026 kadi ya kwanza ya miaka mingi inadai Kifaransa cha kiwango cha A2, kadi ya ukaazi ya miaka 10 inadai B1, na uraia unadai B2. Na usimfanye mtoto wa darasa la tatu kuwa mkalimani wako. Yeye anazungumza *y en a plus* ya uwanja wa shule, na hajui kwamba hapo kuna mtego.

Kwenye simu mambo huwa magumu zaidi, maana huoni uso wala mkono. Mtu akikuambia *y en a plus* na hukusikia vizuri kama kuna *s*, usiseme *d'accord* ukakata. Muulize kwa kitenzi kingine kisichokuwa na utata: *Il en reste, ou il n'en reste plus ?* Akisema *il en reste*, zimebaki. Muulize hapo hapo *Il en reste combien?* na uandike tarehe atakayokutajia kabla hujaweka simu chini.